Faili za mfumo na ghala la draiva (Windows)

Faili za mfumo ni faili ambazo mfumo wa uendeshaji wa kompyuta huzihitaji ili uweze kuwaka, kutambua vifaa vilivyounganishwa na kupokea masasisho. Mtumiaji hakuziandika wala hazifungui, na ndiyo maana huonekana kama takataka pale diski inapojaa. Makala hii inahusu faili za namna hiyo katika Windows 10 na Windows 11, hasa ghala la draiva, yaani folda inayohifadhi draiva zote za kompyuta. Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa fulani, kama vile printa, kadi ya Wi-Fi, kipanya au skrini.

Kufuta ghala hilo ni kosa lenye tabia ya pekee: kwa kawaida kompyuta huendelea kufanya kazi siku hiyo, na pengine wiki nzima, kabla ya hasara kuonekana. Kwa hiyo mtu aliyefuta huamini kwamba amefuta vitu visivyo na kazi, na kifaa kinapogoma baadaye hahusishi mambo hayo mawili.

## Kwa nini watu huzifuta

Katika miji kama Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, kompyuta nyingi za shule, za maduka ya steshenari na za watu binafsi ni mpakato za bei nafuu au zilizotumika. Baadhi ya hizo za bei nafuu zina hifadhi ya gigabaiti 64 tu, nyingine 32. Hifadhi inayoandikwa 64 kwenye boksi huonekana kama 58 hivi ndani ya Windows, kwa sababu ya tofauti ya namna ya kuhesabu na kwa sababu sehemu ndogo za diski zimetengwa kwa ajili ya mfumo wenyewe. Windows peke yake huchukua 20 au zaidi. Ukiongeza programu za ofisi, picha za pasipoti za wateja na video za WhatsApp, diski `C:` hugeuka nyekundu.

Hapo mtu huanza kutafuta folda kubwa. Hupanga kwa ukubwa, akakuta folda yenye gigabaiti nne au tano na ndani yake mamia ya folda zenye majina yasiyosomeka. Hana kumbukumbu ya kuziweka, basi anazifuta.

Kuna sababu nyingine ambayo ni ya kihistoria. Kwa miaka mingi virusi vya kompyuta vilisambaa katika Afrika Mashariki kwa njia ya flashi, na vingi vilitumia faili iitwayo `autorun.inf` iliyokaa kwenye flashi yenyewe. Mafundi na walimu wa kompyuta waliwafundisha watu kuifuta kila wanapoiona, na ushauri huo ulikuwa sahihi. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliacha kuitii faili hiyo kwenye flashi, lakini hofu ya kiishio `.inf` ilibaki. Hadi leo wapo wanaotafuta `*.inf` kwenye diski nzima na kufuta zote wakidhani wanasafisha virusi. Sasa `.inf` ndicho kiishio cha maelezo ya kila draiva, na `oem12.inf` iliyo ndani ya `C:\Windows\INF` haina uhusiano wowote na `autorun.inf` ya kwenye flashi. Mahali faili ilipo hueleza mengi kuliko kiishio chake.

## Ghala la draiva lilivyo

Ghala lenyewe liko hapa:

```
C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository
```

Lilianza na Windows Vista. Wazo lake ni kwamba draiva haiwekwi kwa kifaa moja kwa moja. Kwanza kifurushi chote cha draiva hunakiliwa ghalani na kukaguliwa saini yake, kisha kifaa husakinishwa kutoka ghalani. Kila kifurushi kina folda yake, na jina la folda hufuata utaratibu mmoja. Mfano ni draiva ya Wi-Fi ya Realtek inayokuja na Windows, ambayo folda yake huanza hivi:

```
netrtwlane.inf_amd64_
```

Sehemu ya kwanza, `netrtwlane.inf`, ni jina la faili ya maelezo. Neno `amd64` linamaanisha kompyuta ya biti 64, na halionyeshi kwamba kichakato kimetengenezwa na kampuni ya AMD, kwa maana huandikwa hivyo hata kwenye kompyuta yenye kichakato cha Intel. Baada ya hapo hufuata mchanganyiko wa herufi na tarakimu 16 unaotofautisha toleo moja na jingine. Mchanganyiko huu ndio unaowatisha watu, kwa kuwa unafanana na majina ya faili za muda au za virusi.

Ndani ya folda mna faili ya `.inf` yenye maelezo, na faili ya `.sys` ambayo ndiyo draiva yenyewe. Kama kifurushi kilitoka kwa kiwanda cha kifaa, mna pia faili ya `.cat` yenye saini ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyekichezea. Vifurushi vya printa na vya kadi za picha huwa vikubwa zaidi. Cha kadi ya picha kinaweza kuzidi gigabaiti moja.

Kifaa kikishasakinishwa, draiva nyingi za mtindo wa zamani hunakiliwa kutoka ghalani kwenda `C:\Windows\System32\drivers` na hufanya kazi kutoka huko. Kwa hiyo ghala likifutwa, vifaa vilivyokwisha kusakinishwa vinaweza kuendelea kama kawaida. Windows hurudi ghalani pale inapokutana na kifaa kipya au kifaa kinaposakinishwa upya, na wakati mwingine kipanya au printa ikihamishiwa tundu jingine la USB nayo huhesabiwa kuwa kifaa kipya. Draiva nyingi za kisasa, hasa za kadi za picha, hazinakiliwi popote. Hufanya kazi kutoka ghalani moja kwa moja, na hizo huathirika mara tu kompyuta inapowashwa upya.

## Mfano

Tuchukue duka la steshenari mjini Kasulu lenye kompyuta mpakato moja ya gigabaiti 64 inayotumia Windows 10. Ijumaa jioni diski imebakiwa na megabaiti 300. Mwenye duka anaikuta `FileRepository`, anachagua kila kitu na kubofya kufuta. Windows inamwambia anahitaji ruhusa, naye anafuata maelekezo aliyoyasikia ya kujimilikisha folda. Baadhi ya faili zinakataa kwa sababu zinatumika wakati huohuo, anabofya `Skip`. Gigabaiti tatu na nusu zinarudi. Kwa kuwa ni nyingi mno kwa `Recycle Bin`, Windows inauliza kama azifute moja kwa moja, naye anakubali.

Jumamosi anachapa kama kawaida. Jumatatu, katika kufagia, printa inahamishiwa tundu la upande wa pili. Windows inaiona kama kifaa kipya, inaitafuta draiva ghalani, haipo. Kwenye orodha ya printa yanatokea maneno `Driver is unavailable`.

Fundi anayeitwa anatumia dawa ambayo kwa kawaida husaidia: anafungua `Device Manager`, anaondoa kifaa chenye matatizo kwa `Uninstall device`, kisha anabofya `Scan for hardware changes` ili Windows ikisakinishe upya. Kwa printa haikusaidia. Wi-Fi nayo inasuasua, kwa hiyo anairudia dawa ileile kwenye Wi-Fi, na hapo ndipo Wi-Fi inapotoweka kabisa. Ilikuwa ikifanya kazi kutokana na nakala iliyosakinishwa zamani, na sasa hakuna pa kuichukua nyingine.

Linabaki wazo la kuunganisha simu kwa waya ili kompyuta ipate intaneti kutoka kwenye simu. Simu ya fundi haijawahi kuchomekwa kwenye kompyuta hiyo. Ni kifaa kipya, nacho kinahitaji draiva iliyokuja na Windows, iliyokuwa katika folda ileile. Kompyuta sasa inahitaji intaneti ili ipate draiva, na inahitaji draiva ili ipate intaneti. Mjini Dar es Salaam mtu angepeleka kompyuta kwenye duka jirani. Kasulu inawezekana pia, lakini faili ya kusakinishia Windows 10 ni gigabaiti tano au zaidi, na kwa bando la simu hilo ni jambo la kufikiria mara mbili.

## Njia za kuzitambua

Dalili ya kwanza ni mahali. Kila kilicho ndani ya `C:\Windows` kihesabiwe kuwa ni cha mfumo mpaka ithibitike vinginevyo. Mtumiaji wa kawaida hana faili yake hata moja humo. Faili zake ziko ndani ya `C:\Users`, chini ya jina lake, isipokuwa folda iliyofichwa ya `AppData`, ambayo ni ya programu anazozitumia.

Dalili ya pili ni mmiliki, na hii ndiyo ya kuaminika zaidi kwa faili ambayo mtu ana shaka nayo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua `Properties`, kisha `Security`, kisha `Advanced`. Juu kabisa pameandikwa `Owner`. Pakiwa na `TrustedInstaller` au `SYSTEM`, mwenye faili hiyo ni Windows. Ujumbe unaosema unahitaji ruhusa ya `TrustedInstaller` unaeleza jambo hilohilo. Yako maelekezo mengi ya kuuvuka ujumbe huo kwa amri ya `takeown`, na kwa maoni ya mwandishi, kwa kazi ya kupunguza ujazo wa diski hakuna hata mara moja ambapo amri hiyo ni ya lazima. Ikibidi kuitumia, ujue umekosea folda.

Tarehe na jina havisaidii. Faili ambayo haijafunguliwa tangu 2019 inaweza kuwa draiva ya kibodi, ambayo haina sababu ya kubadilika. Kuna pia virusi vinavyojipa majina ya faili za mfumo, kwa mfano `svchost.exe`. Faili halisi ya jina hilo hukaa `C:\Windows\System32`. Ikikutwa kwenye flashi au ndani ya `Downloads`, hiyo ni ya kutiliwa shaka, na kwa mara nyingine mahali ndipo panapoamua.

## Folda nyingine za kuachwa

`C:\Windows\WinSxS` ndiyo inayoonekana kubwa kuliko zote, lakini ukubwa wake unadanganya. Faili nyingi zilizomo ni zilezile zilizo `System32`, zimewekwa kwa majina mawili bila kuchukua nafasi mara mbili, na dirisha la `Properties` huzihesabu kama zipo mara mbili. Windows huitumia kila inapojisasisha au kujitengeneza. Ikifutwa, masasisho hushindikana, na kompyuta inaweza isiwake tena.

`C:\Windows\Installer` imefichwa na ina faili za `.msi` na `.msp` zenye majina ya tarakimu na herufi. Zikifutwa, programu zilizosakinishwa hufunguka kama kawaida. Tatizo hujitokeza siku mtu anapotaka kusasisha au kuondoa programu kama Microsoft Office, inapodai faili ambayo haipo tena.

Faili `pagefile.sys` na `hiberfil.sys` zilizo kwenye mzizi wa `C:` hazifutiki kwa mkono. Hii ya pili huhifadhi hali ya kompyuta inapolazwa usingizi mzito, na inaweza kuchukua gigabaiti kadhaa. Asiyeihitaji anaweza kuiondoa kihalali kwa amri ya `powercfg /h off`, lakini mahali ambapo umeme hukatika ghafla na betri ni chakavu ni heri kuiacha, kwa sababu ndiyo inayookoa kazi iliyofunguliwa betri inapokwisha.

## Kupunguza ghala kwa usalama

Ghala la draiva linaweza kweli kuwa na vitu visivyohitajika, kwani kila draiva inaposasishwa toleo la zamani hubaki. Kompyuta iliyotumika miaka minne inaweza kuwa na matoleo matatu ya draiva ya kadi ya picha. Njia rahisi ni programu ya `Disk Cleanup`. Ifungue, bofya `Clean up system files`, kisha uweke alama kwenye `Device driver packages`. Windows yenyewe ndiyo itakayochagua matoleo yaliyopitwa. Hapohapo unaweza kuondoa `Previous Windows installation(s)`, ambayo mara nyingi ndiyo inayorudisha nafasi kubwa kuliko yote. Soma orodha kabla ya kukubali: katika baadhi ya matoleo ya Windows 10 imo pia `Downloads`, na humo ndimo watu wengi huweka barua na vyeti walivyopakua.

Anayetaka kuchagua mwenyewe afungue `Command Prompt` kama msimamizi na kuandika:

```
pnputil /enum-drivers
```

Hutokea orodha ambayo kila kifurushi kina maelezo kama haya, pamoja na tarehe na toleo:

```
Published Name:     oem12.inf
Original Name:      iigd_dch.inf
Provider Name:      Intel Corporation
Class Name:         Display adapters
```

Orodha huonyesha vifurushi vilivyotoka nje ya Windows tu, vyote vikiwa na majina ya `oem` na namba. Vile vilivyokuja na Windows havimo, kwa hiyo mtu hawezi kuvifuta kwa bahati mbaya. Tafuta vifurushi viwili vyenye `Original Name` moja na toleo tofauti, kisha ufute lile la zamani:

```
pnputil /delete-driver oem12.inf
```

Kama kuna kifaa kinachokitumia kifurushi hicho, amri hukataa, na hicho ndicho kinga ambacho kufuta kwa mkono hakina. Kuongeza neno `/force` huondoa kinga hiyo, kwa hiyo lisiongezwe.

Kabla ya yote ni vyema kuweka nakala ya draiva kwenye flashi. Ikiwa flashi ni `D:`, amri ni hizi:

```
mkdir D:\Draiva
pnputil /export-driver * D:\Draiva
```

Nakala hii kwa kawaida huenea kwenye flashi ya gigabaiti nane, na hurudishwa bila intaneti:

```
pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install
```

Nayo huchukua vifurushi vya `oem` tu. Hata hivyo hivyo ndivyo vigumu kupatikana, hasa vya printa za zamani na vya kompyuta ambazo kiwanda kimeacha kuzihudumia. Flashi iandikwe jina la kompyuta iliyotoka, kwa maana draiva za mashine moja hazifai lazima kwa nyingine.

## Zikishafutwa

Kwanza usizime wala kuwasha upya kompyuta, na usiondoe kifaa chochote kwenye `Device Manager`. Tazama `Recycle Bin`. Faili zikiwemo, zichague na ubofye `Restore`, nazo hurudi zilipokuwa. Kama hazimo, andika `rstrui` kwenye kisanduku cha kutafutia ili kufungua `System Restore`. Ikiwa ilikuwa imewashwa na kuna tarehe ya kabla ya ufutaji, inaweza kurudisha draiva na faili za mfumo bila kugusa nyaraka za mtumiaji. Kwenye kompyuta zenye hifadhi ndogo mara nyingi huwa imezimwa.

Njia inayobaki ni kusakinisha Windows juu ya ileile. Flashi yenye faili za Windows za toleo na lugha ileile huchomekwa wakati Windows imewaka, `setup.exe` hufunguliwa, na kwenye swali la kitu cha kubakiza huchaguliwa `Keep personal files and apps`. Chaguo hilo likiwa limefifia, toleo la flashi halilingani na la kompyuta, na kuendelea kutaondoa programu. Nyaraka muhimu zinakiliwe nje kwanza. Flashi ambayo tayari ilikuwa ikitumika kwenye kompyuta hiyo kwa kawaida bado itatambuliwa kwenye tundu lake la zamani.

Kwa duka letu la Kasulu hilo ndilo lililobaki. Kazi huchukua saa moja hadi tatu kwenye hifadhi ya polepole, na huhitaji nafasi ya kutosha kwenye diski, kwa hiyo picha na video hulazimika kuhamishwa kwanza, jambo ambalo lingetosha kuondoa tatizo la Ijumaa. Mwishoni Wi-Fi hurudi, kwa kuwa draiva yake ilikuja na Windows. Draiva ya printa ilitoka kiwandani, hivyo husakinishwa upya kutoka kwenye CD iliyokuja na printa, kama bado ipo, au hupakuliwa kwa Wi-Fi iliyorudi.